Kujihami na kuchokozwa katika kesi ya mauaji: linganisha kwa kifungu, si kwa orodha

Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua, katika shauri la Francis Muruatetu, kwamba jaji hawezi kufungwa mikono na sheria inayomlazimisha kumhukumu kifo kila anayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia. Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ikatoa uamuzi wa mwelekeo huohuo dhidi ya Tanzania katika shauri la Ally Rajabu na wenzake. Tangu hapo kumeibuka hoja ambayo wanafunzi wa sheria wanaipenda kwa sababu inawafupishia kazi. Wanasema kwamba jaji akishakuwa na uhuru wa kupima adhabu, kuchokozwa kunabaki kuwa ombi la huruma tu. Kwa hiyo mtihani ukikutaka ulinganishe kujihami na kuchokozwa, sentensi mbili zinatosha: kujihami kunamwachia mtu huru, kuchokozwa kunampunguzia miaka.

Hoja hiyo inachanganya adhabu na kosa, na ndiyo inayowanyima watu alama. Kujihami na kuchokozwa havitofautiani kwa ukubwa wa nafuu vinayoileta. Vinagonga sehemu mbili tofauti za kifungu kinachounda kosa lenyewe, na kila kimoja huchunguza jambo lake katika dakika ileile ya tukio. Mwandishi wa insha asiyeonyesha ni sehemu gani inayogongwa ataishia kuandika orodha mbili zilizokaa sambamba, na msahihishaji huitambua orodha ya namna hiyo kuanzia aya ya pili.

Tuanze na kifungu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 196, inasema kwa ufupi kwamba anayesababisha kifo cha mtu mwingine kwa tendo au kutotenda kulikokatazwa na sheria, akiwa na nia ovu, ametenda kosa la kuua kwa kukusudia. Kifungu cha 203 cha Kenya kimejengwa kwa mbao hizohizo. Ndani yake mna mambo matatu ambayo upande wa mashtaka lazima uyathibitishe: kifo kilichosababishwa na mshtakiwa, uharamu wa tendo, na nia ovu. Anayejihami ndani ya mipaka ya sheria anaugonga uharamu. Anakubali kwamba aliua, na pengine kwamba alikusudia kabisa kuua, lakini tendo lake lilikuwa halali, basi hakuna kosa. Kwa Tanzania, kifungu cha 18 kinalisema hilo waziwazi, nacho 18A kinataja haki yenyewe ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali. Aliyechokozwa hawezi kuugusa uharamu. Kifungu cha 201 kinaanza kwa kudhani kwamba mtu ameua kinyume cha sheria, katika mazingira ambayo, pasipo kifungu hicho, yangekuwa kuua kwa kukusudia. Kinachofanyika ni kumteremsha kutoka kosa moja hadi jingine, la kuua bila kukusudia, kwa sababu alitenda akiwa katika ghadhabu iliyozuka ghafla na kabla haijapoa.

Hapa pana mtego. Jina la kosa analoteremshiwa linawafanya wengi waandike kwamba mtu aliyechokozwa hakukusudia kuua. Sivyo. Kifungu cha 201 kinamhusu hata aliyekusudia. Kama hakukusudia kuua wala kudhuru vibaya, hana haja ya kuchokozwa, kwa sababu nia ovu haijathibitishwa na shauri la kuua kwa kukusudia limekwisha anguka lenyewe. Ukiandika kwamba kuchokozwa ni ushahidi wa kutokuwa na nia, umeufuta utetezi uliokuwa unaueleza.

Ndiyo maana hoja iliyozaliwa na uamuzi wa Muruatetu haisimami. Inao ukweli kidogo, na insha nzuri itaukiri: mahali ambapo kifo ni adhabu ya lazima, kama kifungu cha 197 cha Tanzania kilivyoandikwa, kuchokozwa kunabeba uzito wa maisha ya mtu, na mahakama hujikuta zikikivuta kifungu cha 201 ili kisimame katikati ya mshtakiwa na kamba. Ulazima ukiondolewa, mvutano huo unalegea. Lakini hatua ya kupima adhabu inakuja baada ya kutiwa hatiani, na swali la kuchokozwa linaulizwa kabla ya hapo. Mshtakiwa hatakiwi kulithibitisha. Ushahidi ukishaonyesha dalili yake, ni upande wa mashtaka unaopaswa kuliondoa pasipo kuacha shaka ya msingi, kwa kanuni iliyowekwa katika shauri la Woolmington mwaka 1935 na kufuatwa katika mahakama zetu. Mtu anayeomba huruma wakati wa adhabu hana kinga hiyo. Kukigeuza kuchokozwa kuwa sababu ya kupunguza adhabu tu ni kumhamishia mshtakiwa mzigo ambao sheria imeuweka kwa Jamhuri.

Baada ya kupajua mahali, vigezo vinajipanga vyenyewe. Katika kujihami, mahakama hutazama mbele: mshtakiwa alikabiliwa na hatari gani, na je, alichofanya kilihitajika ili kuiepuka? Kifungu cha 18B kinampa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Kifungu cha 18C kinakwenda hadi kuua, mradi mtu alitenda kwa nia njema na kwa imani ya kweli yenye sababu za msingi kwamba ilikuwa lazima, katika mazingira mazito yaliyotajwa humo, kama vile shambulio linalotia hofu ya kifo au dhara kubwa, ubakaji au unyang'anyi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kusema jambo la karibu na hilo mwaka 1963 katika shauri la Selemani: anayezuia uhalifu mkubwa wa nguvu kwa nguvu ana haki hata ya kuua, ikiwa palikuwa na ulazima au imani ya kweli yenye msingi kwamba ulikuwapo. Katika kuchokozwa, mahakama hutazama nyuma: marehemu alifanya nini, na je, tendo lake lilimtoa mshtakiwa katika kujitawala? Kifungu cha 202 kinataka tendo baya au tusi la aina inayoweza kumpotezea mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia, na kwa Tanzania mtu huyo wa kawaida ni wa jamii anayotoka mshtakiwa. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikishikilia kipimo hicho katika shauri la Damian Ferdinand Kiula, lililo katika ripoti za 1992. Tendo halali si uchokozi. Kwa hiyo mwizi anayekamatwa kihalali hawezi kusema alichokozwa na kukamatwa kwake.

Tofauti iliyo nzito zaidi, na ambayo insha nyingi huipita mbio, ni ile ya hofu na hasira. Kujihami kunatoka katika hofu, kuchokozwa kunatoka katika hasira, na sheria haikubali kimoja kijaze pengo la kingine. Shauri linaloonyesha jambo hili vizuri kuliko yote ni la Eria Galikuwa, lililotoka Uganda na kuamuliwa mwaka 1951. Mshtakiwa alimuua mganga aliyekuwa akimdai pesa na kumtisha kwa nguvu za uchawi, akiamini kwa dhati kwamba asipofanya hivyo atakufa yeye. Mahakama haikutilia shaka imani yake. Iliona tu kwamba alisukumwa na hofu, si na ghadhabu ya ghafla, hivyo kuchokozwa kukakosa mguu wa kusimamia. Ilisema kwamba imani ya uchawi peke yake haitoshi. Lazima pawe na tendo ambalo marehemu analifanya mbele ya mshtakiwa, ambalo mtu wa kawaida wa jamii ile angeliamini kuwa ni uchawi, na hasira iwake pale pale. Na kujihami nako hakukumfaa, kwa kuwa hapakuwa na shambulio la mwili ambalo sheria inalitambua. Shauri hili moja lina thamani kuliko mashauri kumi ya Uingereza katika jibu la mtahiniwa wa Afrika Mashariki, kwa sababu linaonyesha mtu akidondokea katika uwazi uliopo kati ya utetezi huu na ule.

Hapo ndipo inapozuka hoja iliyo dhaifu kuliko zote, nayo imeenea hata kwenye muhtasari wanaopeana wanafunzi: kwamba kwa kuwa aliyejihami huwa na akili timamu na aliyechokozwa huwa amepotewa, mshtakiwa lazima achague kimoja, na akiegemea kujihami mahakama haitakiwi kukifikiria kingine. Kisaikolojia hoja inavutia. Kisheria haina msingi. Mahakama haisikilizi tu kile wakili alichokichagua. Inapaswa kukifikiria kila utetezi ambao ushahidi umeufichua, hata kama mshtakiwa hakuutaja. Mwaka 1957, katika shauri la Bullard lililotoka Trinidad, Baraza la Faragha, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa kilele cha rufaa kwa makoloni yetu pia, lilishughulikia hali hiyohiyo. Mshtakiwa alitegemea kujihami, ushahidi ukaonyesha pia dalili za kuchokozwa, lakini jaji hakuliachia jopo la raia linaloamua hatia nafasi ya kuipima. Hatia ya kuua kwa kukusudia ikafutwa na kuwekwa ya kuua bila kukusudia. Sababu ni ya wazi mtu akifikiri kama wakili: mshtakiwa anayetafuta kuachiwa huru hana faida ya kusimama kizimbani na kusema alipandwa na hasira. Atasema alijihami, na kazi ya kuisoma hasira iliyo ndani ya ushahidi inabaki kwa mahakama.

Sasa tuiweke hoja yote katika swali la aina inayotungwa kwenye mitihani. Musa yuko kilabuni jioni. Jabiri anamtukania mama yake mbele ya watu na kummwagia pombe usoni. Musa anaondoka, anatembea dakika kumi hadi kwake, anakaa nusu saa, kisha anarudi kufuata baiskeli aliyoiacha, safari hii akiwa na panga. Nje ya kilabu Jabiri anamvamia kwa rungu, anampiga begani, anaunyanyua mkono kwa pigo la pili. Musa anamkata mkono. Rungu linaanguka, Jabiri anapiga magoti, na Musa anamkata shingoni mara mbili. Jabiri anafariki kwa majeraha ya shingo.

Mtahiniwa wa kawaida ataanza na matusi, kwa sababu ndiyo yaliyotangulia katika hadithi. Anayeijua kazi ataanza na jeraha lililoua. Pigo la mkononi, hata likiwa halali kiasi gani, halikusababisha kifo, basi haki ya kujihami iliyokuwapo sekunde ile haijibu swali. Linaloulizwa ni kama haki hiyo ilikuwa bado hai panga liliposhuka shingoni. Kama mapigo matatu yalifuatana kwa mfululizo mmoja wa sekunde chache, gizani, na Musa hakuwa amejua kwamba rungu limedondoka, mahakama haitampima kwa mizani ya dukani. Baraza la Faragha lilikwisha kuonya mwaka 1971 katika shauri la Palmer kwamba mtu aliye katika shambulio hawezi kutarajiwa kukadiria nguvu yake kwa usahihi wa gramu. Hapo Musa anaweza hata kuachiwa huru, na akionekana alivuka kiasi huku bado akijihami, kifungu cha 18B, kifungu kidogo cha tatu, kinasema wazi kwamba kifo kilichotokana na nguvu ya kupita kiasi katika kujihami ni kuua bila kukusudia.

Lakini kama ushahidi unaonyesha kwamba Jabiri alikuwa amepiga magoti bila silaha, na Musa akatulia kidogo, akamsogelea, kisha akakata, basi hapakuwa tena na hatari. Watahiniwa wengi hapa hukimbilia 18B na kuandika kwamba alitumia nguvu kupita kiasi. Ni kosa kubwa, kwa sababu kinachozidi kipimo lazima kiwe kipo kwanza. Nguvu ya kupita kiasi katika kujihami inahitaji kujihami kuwe bado kunaendelea. Hatari ikishakwisha, pigo linalofuata si kujihami kulikozidi. Ni shambulio jipya, na 18B haina la kusema juu yake. Njia ya kuipima tofauti hiyo katika jibu ni kuandika kwa kila pigo: Jabiri alikuwa wapi, alikuwa na nini mkononi, na Musa alijua nini.

Hapo kuchokozwa kunaingia, na kunaingia kwa mlango wa rungu, si wa matusi. Matusi na pombe ya usoni vingeweza kuwa uchokozi kwa mtu wa kawaida wa jamii ya Musa, lakini zimepita zaidi ya dakika arobaini, na kifungu cha 201 kinataka ghadhabu isiwe imepata muda wa kupoa. Pigo la rungu begani, hata hivyo, ni tendo baya, la ghafla, lililotendwa sekunde chache kabla ya kifo. Matusi ya mwanzo yanarudi kama kuni zilizokuwa zimekwisha kukauka: hayatoshi peke yake, lakini yanaeleza kwa nini pigo la rungu lilimwasha mtu wa kawaida kwa kiasi kile. Panga linahitaji kushughulikiwa waziwazi. Jamhuri itasema ni ushahidi wa maandalizi. Jibu ni kwamba kubeba silaha kwa hofu ya kushambuliwa tena hakumwondolei mtu haki ya kujihami, ila kunaidhoofisha hadithi ya hasira ya ghafla, kwa hiyo ushahidi wa baiskeli na wa nani aliyeanza nje ya kilabu unakuwa na uzito mkubwa. Halafu kuna maneno ya Musa mwenyewe. Akisema polisi kwamba alidhani atauawa, amejiimarishia kujihami na kujidhoofishia kuchokozwa, kama ilivyokuwa kwa Galikuwa. Lakini mashahidi wakieleza kwamba alikuwa akipiga kelele za matusi huku akikata, mahakama inayo hasira mbele yake na haiwezi kuifumbia macho eti kwa sababu wakili hakuitaja.

Wapo watakaopinga kwamba njia zote mbili zinamfikisha Musa palepale, kwenye kuua bila kukusudia, ambako adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, basi tofauti ni ya vitabuni. Pingamizi hili ni zito kuliko la Muruatetu, na kwa Tanzania lina ukweli kuhusu kosa atakalotiwa hatiani. Linakosea kuhusu kinachopaswa kuthibitishwa. Kwa 18B mahakama lazima iridhike kwamba Jabiri alikuwa bado hatari, na haijali kama Musa alikasirika. Kwa 201 haijali hatari, inataka uchokozi, ghafla na ghadhabu. Shahidi mmoja akiiharibu njia ya kwanza kwa kusema rungu lilikuwa mbali, ya pili inabaki nzima. Tena jaji anayepanga adhabu hawezi kumtazama aliyezidisha nguvu akijiokoa kwa jicho lilelile analomtazamia aliyekata kwa hasira.

Onyo moja kuhusu vitabu vya Uingereza. Kule kuchokozwa kulifutwa na sheria ya mwaka 2009 iliyoanza kutumika Oktoba 2010, na pahali pake pakawekwa utetezi wa kupoteza kujitawala. Huo hauhitaji ughafla, na unakubali hata hofu ya kutendewa ukatili mkubwa kuwa chanzo. Kwa maneno mengine, Waingereza wamejenga daraja pale ambapo Galikuwa alidondoka. Ni hoja nzuri kwa aya ya mageuzi, hasa kwa mke aliyepigwa miaka mingi akaua siku ambayo hakupigwa: kwetu hatari haikuwapo saa ile, na ghadhabu haikuwa ya ghafla. Ila ukiitumia kama sheria ya Dodoma au Nairobi, jibu lote linakosa mahali pa kusimama.

Na Nairobi yenyewe haifanani na Dodoma. Mhamishe Musa avuke mpaka, ushahidi uwe uleule, na ichukuliwe kwamba alizidisha nguvu huku shambulio likiendelea. Kenya haina kifungu kama 18B. Kifungu chake cha 17 kinaagiza kujihami kuamuliwe kwa kanuni za sheria ya Uingereza iliyojengwa na maamuzi ya mahakama, ambako shauri la Palmer lilikataa njia ya katikati: ama umejihami na unaachiwa, au hukujihami na umeua kwa kukusudia. Mahakama za Afrika Mashariki zilikuwa zimeifungua njia hiyo tangu mwaka 1951, na shauri la Mokwa la 1976 likaendelea kukubali kwamba nguvu iliyozidi inaweza kuliteremsha kosa, bila kuifanya kuwa kanuni ya kila mara. Kwa hiyo kile ambacho Musa wa Tanzania anakidai kwa maandishi ya sheria, Musa wa Kenya anakiomba kwa hoja, na wakili wake makini atahakikisha ushahidi wa pigo la rungu na wa hasira iliyofuata umeingia kwenye kumbukumbu za mahakama kabla hajafunga utetezi, maana kifungu cha 207, kile cha kuchokozwa kwa Kenya, huenda ndicho kikamwokoa.